Namna ya kutoa ripoti ya mauzo kwa saa kutoka kwenye risiti za kaunta, na kupanga zamu za makeshia

Maduka mengi hupanga zamu mbili, ya asubuhi na ya jioni, kwa sababu siku hugawanyika kirahisi namna hiyo. Wateja hawaji kwa mgawanyo huo. Wanakuja wanapokwenda kazini, wanaporudi, na wanapokumbuka kwamba sukari imeisha. Kumbukumbu ya jambo hilo tayari unayo: kila risiti iliyotoka kwenye kaunta ina tarehe na muda wake.

Nitatumia duka la mfano ili hesabu zionekane. Ni minisupamaketi ya Kimara, Dar es Salaam, karibu na kituo cha mwisho cha mabasi ya mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro. Ina kaunta tatu na inafunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku. Siku za kazi ina makeshia wanne: wawili wa saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri, na wawili wa saa 8 mchana hadi saa 4 usiku. Namba za duka hili nimezitunga kwa ajili ya mwongozo huu, ila mwenendo wake utautambua ukiwa na duka kando ya njia ya watu wanaorudi kutoka mjini.

Hatua ya 1: Pata risiti za wiki nane

Ingia kwenye programu ya mauzo, tafuta ripoti ya mauzo, chagua wiki nane kamili, kisha pakua faili la CSV au Excel. Wiki nane zinakupa Jumatano nane na Jumamosi nane, na mara nyingi ndani yake mna miisho ya mwezi miwili. Ukichukua wiki mbili tu, Jumamosi moja ya mvua inaweza kukuharibia picha nzima.

Unahitaji safu nne tu: namba ya risiti, tarehe na muda, namba ya kaunta, na kiasi. Ripoti ya Z inayotolewa kwenye mashine ya EFD kila siku haitoshi kwa kazi hii, kwa kuwa inakupa jumla ya siku nzima bila kukuonyesha saa.

Kama duka lako halina programu na una mashine ya risiti peke yake, bado kuna njia. Bandika karatasi kando ya kila kaunta, na kila saa inapogonga keshia aandike namba ya risiti ya mwisho aliyotoa. Ukitoa namba ya saa iliyotangulia kwenye namba ya saa hii, unapata idadi ya wateja waliohudumiwa katikati. Fanya hivyo kwa wiki nne, halafu endelea na hatua ya 4, ukiziandika namba hizo moja kwa moja kwenye ukurasa wa `Siku`.

Hatua ya 2: Safisha kabla ya kuhesabu

Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika, kwa hiyo usiharakishe.

Kwanza, angalia kama kila mstari wa faili ni risiti au ni bidhaa. Programu nyingi hutoa mstari mmoja kwa kila bidhaa, kwa hiyo mteja aliyenunua vitu tisa anaonekana kama wateja tisa. Utalijua tatizo hili pale namba ya risiti inapojirudia mistari kadhaa mfululizo. Kwenye Google Sheets tumia Data, kisha Data cleanup, kisha Remove duplicates, ukichagua safu za namba ya risiti, tarehe na muda, na kaunta kwa pamoja. Usichague namba ya risiti peke yake: kwenye baadhi ya mashine namba huanza upya kila siku, au kila kaunta ina mfululizo wake, na utajikuta umefuta risiti halali.

Pili, angalia saa ya mfumo. Tafuta risiti ya kwanza ya siku yoyote. Kama duka linafunguliwa 07:00 na risiti za kwanza zinasoma 04:03 au 04:06, mfumo unahifadhi muda wa UTC, ambao uko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ongeza saa tatu kwa `=B2+3/24`. Kama tofauti ni ya dakika arobaini, au iko kwenye kaunta moja tu, basi ni saa ya mashine hiyo iliyokosewa. Irekebishe leo, na risiti zake za nyuma uziongeze au uzipunguze muda huohuo.

Tatu, ondoa risiti zilizofutwa, za bidhaa zilizorudishwa, na za majaribio. Mara nyingi kiasi chake ni sifuri au kina alama ya kutoa.

Nne, tafuta siku ambazo umeme au mtandao ulikatika na mauzo yakaandikwa kwenye daftari, kisha yakaingizwa baadaye. Siku hizo zina sura yake: saa moja au mbili tupu, kisha saa inayofuata ina risiti zilizofuatana kila baada ya sekunde kumi na tano. Hakuna keshia anayehudumia mteja kwa sekunde kumi na tano mfululizo kwa saa nzima. Siku ya namna hiyo iondoe yote, hata kama jumla yake ya fedha ni sahihi. Sikukuu nazo ziondoe. Zinahitaji mpango wake.

Hatua ya 3: Hesabu risiti, acha shilingi

Meneja wengi huanza na shilingi kwa kila saa kwa sababu ndizo zinazotajwa kwenye vikao. Kwa kupanga makeshia, shilingi hupotosha. Saa 4 asubuhi anaingia mwenye genge, anachukua katoni kumi za sabuni na mafuta, analipa laki na themanini, na keshia amemaliza naye kwa dakika mbili. Saa 1 usiku wanaingia watu sitini wenye mkate, maziwa na nusu kilo ya sukari, kila mmoja na chenji yake. Kwa shilingi saa hizo mbili zinaweza kukaribiana, ila kazi ya kaunta haifanani hata kidogo. Kinachomfanya keshia awe na kazi ni idadi ya watu waliosimama mbele yake.

Hatua ya 4: Tengeneza jedwali la siku na saa

Weka risiti zako kwenye ukurasa uitwao `Risiti`, namba ya risiti ikiwa safu A, tarehe na muda safu B. Kwenye E2 na F2 andika hivi, kisha vuta hadi chini:

```
=INT(B2)
=HOUR(B2)
```

Ya kwanza inabakiza tarehe, ya pili inatoa saa. Zikileta kosa, tarehe zako zimeingia kama maandishi. Hakikisha pia siku na mwezi havijabadilishana nafasi: kama faili ni la Machi pekee na unaona tarehe za Julai au Novemba, programu imesoma 07/03 kwa mpangilio wa Kimarekani. Badilisha mpangilio wa eneo kwenye Settings, kisha ingiza faili upya.

Fungua ukurasa wa pili uitwao `Siku`. Safu A iwe tarehe zote 56, moja kila mstari kuanzia A2. B2 iwe namba ya siku ya wiki, Jumatatu ikiwa 1. Kuanzia C1 kwenda kulia andika saa 7 hadi 21. Kisha:

```
B2: =WEEKDAY(A2,2)
C2: =COUNTIFS(Risiti!$E:$E,$A2,Risiti!$F:$F,C$1)
```

Ivute C2 hadi Q57. Napendelea njia hii kuliko jedwali egemeo, yaani Pivot table, kwa sababu moja: saa isiyo na mteja inaandikwa 0. Kwenye jedwali egemeo saa hiyo hubaki tupu, na nafasi tupu haihesabiwi, kwa hiyo saa zilizopoa zinaonekana kuwa na wateja kuliko hali halisi. Siku ulizoamua kuziondoa, futa mstari wake mzima hapa.

Ukurasa wa tatu uite `Picha`. A2 hadi A8 ni 1 hadi 7, na B1 kwenda kulia ni saa zilezile. B2 inasoma:

```
=MEDIAN(FILTER(Siku!C$2:C$57,Siku!$B$2:$B$57=$A2))
```

Hii inazipanga Jumatano zako kuanzia ndogo hadi kubwa na kuchukua namba ya katikati. Wastani wa kawaida ungevutwa juu na ile Jumatano moja ya mshahara, kisha ungewaweka watu wa ziada Jumatano saba zilizobaki. Siku za mshahara zitazame peke yake: chuja tarehe za mwisho wa mwezi na za mwanzo wa mwezi, uone zimepita za kawaida kwa kiasi gani.

Hatua ya 5: Igeuze iwe saa ya Kiswahili

Mashine inaandika 7, mfanyakazi anasoma saa 7 mchana. Kosa hili ni dogo kwenye kompyuta, ila kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani linamfanya mtu afike akiwa amechelewa saa sita. Kabla hujamwonyesha yeyote jedwali, geuza vichwa vya saa kwa fomula hii kwenye mstari mpya:

```
=MOD(B1-7,12)+1
```

Kisha ongeza kwa mkono asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Jumatano ya duka letu inatoka hivi:

| Saa inayoanza | Risiti |
|---|---|
| Saa 1 asubuhi | 38 |
| Saa 2 asubuhi | 24 |
| Saa 3 asubuhi | 15 |
| Saa 4 asubuhi | 13 |
| Saa 5 asubuhi | 16 |
| Saa 6 mchana | 22 |
| Saa 7 mchana | 27 |
| Saa 8 mchana | 17 |
| Saa 9 alasiri | 18 |
| Saa 10 jioni | 29 |
| Saa 11 jioni | 58 |
| Saa 12 jioni | 74 |
| Saa 1 usiku | 75 |
| Saa 2 usiku | 57 |
| Saa 3 usiku | 26 |

Jambo moja linaonekana papo hapo. Makeshia wote wanne wanakuwa dukani pamoja saa 8 mchana, wakati wa kupokezana zamu, na saa hiyo ina risiti 17. Jambo la pili limejificha, na ndilo lenye uzito zaidi.

Hatua ya 6: Pima sekunde za mteja mmoja, kisha tafuta foleni

Chukua simu yenye saa ya kupimia, simama mahali ambapo humsumbui keshia, na upime wateja kama arobaini wakati wa jioni. Anza pale keshia anapoinua bidhaa ya kwanza, maliza pale yuko tayari kuinua ya mteja anayefuata. Muda wa kutafuta chenji umo, wa kufunga mfuko umo, na ule wa kusubiri ujumbe wa muamala kwa anayelipa kwa lipa namba nao umo. Hapa chukua wastani wa kawaida, kwa sababu mteja aliyechukua dakika nne amezila kweli dakika nne za keshia. Tuseme umepata sekunde 95.

Kwa sekunde 95, keshia asiyepumua hata kidogo anaweza kutoa risiti 3600 ÷ 95, yaani karibu 38 kwa saa. Wawili ni 76.

Sasa rudi kwenye jedwali. Saa 12 jioni ni 74, saa 1 usiku ni 75, na walioko kaunta ni wawili. Mstari umepanda, kisha umelala bapa juu. Ubapa huo hautoki kwa wateja. Ni kikomo cha mikono miwili. Muda ulioandikwa kwenye risiti ni ule wa kumaliza kuhudumiwa, na aliyesimama dakika kumi na mbili kwenye foleni hana sehemu yoyote anapoonekana, achilia mbali yule aliyeuacha mkate kwenye rafu ya biskuti akaenda kununua kwa Mangi. Hata zile 57 za saa 2 usiku huenda baadhi yao waliingia saa 1.

Kwa hiyo kila saa yenye pilika ifanyie jaribio hili: zidisha idadi ya kaunta zilizokuwa wazi kwa 3600, gawa kwa risiti. Kwa saa 1 usiku ni 7200 ÷ 75 = sekunde 96. Ulipima 95. Makeshia hawakuwa na hata sekunde mbili kati ya mteja na mteja, maana yake foleni ilikuwepo saa nzima, na wateja waliokuja ni wengi kuliko 75. Fanya hivyo kwa saa 4 asubuhi, uone tofauti: 7200 ÷ 13 ni sekunde 554, yaani zaidi ya dakika tisa.

Hatua ya 7: Kutoka risiti hadi idadi ya makeshia

Usipange keshia kwa risiti 38. Wateja hawaji kwa kupishana sawasawa. Wanashuka kwenye basi kwa mkupuo. Keshia akijazwa hadi mwisho, mkupuo mmoja unatengeneza foleni ambayo haishi hadi saa ipite. Mimi hupanga kwa asilimia themanini ya uwezo, kwa hapa risiti 30. Gawa risiti za kila saa kwa 30 na upandishe hadi namba kamili:

```
=ROUNDUP(B2/30,0)
```

Jumatano yetu inadai makeshia wawili saa 1 asubuhi, mmoja kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, wawili saa 11, watatu saa 12 na saa 1, wawili saa 2 usiku, na mmoja saa ya mwisho.

Kabla ya kuandika majina, weka sheria mezani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, kwa siku sita. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apate mapumziko ya dakika 60. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena kuwe na saa 12 za kupumzika. Saa za kuanzia saa 2 usiku ni kazi ya usiku, na kila saa inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Ukiwa Kenya au nchi nyingine, tumia sheria ya huko.

Ukilinganisha mahitaji na sheria, makeshia walewale wanne wanapangika hivi:

| Keshia | Zamu | Mapumziko |
|---|---|---|
| Wa 1 | Saa 1 asubuhi – saa 9 alasiri | Saa 5 – saa 6 |
| Wa 2 | Saa 5 asubuhi – saa 2 usiku | Saa 9 – saa 10 |
| Wa 3 | Saa 9 alasiri – saa 4 usiku | Saa 11 – saa 12 |
| Wa 4 | Saa 11 jioni – saa 4 usiku | – |

Kila mapumziko yanalindwa na mtu mwingine. Wa kwanza anapokwenda kula saa 5, wa pili ndiyo anaingia. Wa tatu anapumzika saa 11, wa nne akiwa amefika, na saa 12 wote watatu wako kaunta. Saa ya kwanza ya asubuhi inadai watu wawili na yupo mmoja. Hapo msimamizi wa zamu afungue kaunta ya pili kwa saa hiyo moja, kwani kumleta keshia saa 1 asubuhi kwa ajili ya saa moja ya kazi ni kumtesa. Kati ya saa 6 na saa 9 wapo wawili panapohitajika mmoja, kwa hiyo upokeaji wa mzigo na upangaji wa rafu uwekwe hapo.

Saa za kazi bila mapumziko zinatoka 26, badala ya 28 za mpango wa zamani. Usiwaeleze wafanyakazi kwa namba hiyo kwanza. Watakachouliza ni nani anafunga usiku na nani anapata saa tano tu, na wana haki ya kuuliza, hasa kama malipo yao ni kwa saa. Zungusheni. Wa pili anafanya saa 8, na kwa siku sita ni 48, inazidi 45, kwa hiyo nafasi hiyo haiwezi kuwa ya mtu mmoja wiki nzima. Aliyefunga saa 4 usiku hawezi kufungua kesho yake saa 1 asubuhi, maana ni saa 9 tu za kupumzika. Anaweza kuingia saa 5, kwenye nafasi ya wa pili. Na wanaotoka saa 4 usiku, waulize wanafikaje nyumbani kabla hujabandika ratiba.

Jumamosi na Jumapili zipangie kwa mistari yake kwenye `Picha`. Usinakili Jumatano. Ramadhani nayo ni jedwali lake kabisa: Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, kwa hiyo pilika husogea mbele ya futari, kisha duka hutulia ghafla. Kwa kuwa mwezi wenyewe husogea siku kumi au kumi na moja kila mwaka, tumia risiti za Ramadhani iliyopita, sio za tarehe zilezile za mwaka jana.

Hatua ya 8: Pima tena baada ya wiki tatu

Mpango wa jioni umejengwa juu ya namba uliyojua kuwa imekatwa, kwa hiyo rudia hatua ya 4 kwa risiti za wiki tatu za kwanza zenye kaunta tatu, na uziangalie saa tatu pekee: saa 12 jioni, saa 1 usiku na saa 2 usiku.

Zamani jumla yake ilikuwa 206. Ikibaki karibu hapo lakini saa 2 imeshuka na saa 12 imepanda, wateja ni walewale ila wanaondoka mapema, na kaunta ya tatu inaweza kufungwa saa 1 na nusu. Jumla ikipanda hadi 230 au zaidi, kulikuwa na watu waliokuwa wakiitazama foleni na kupita. Rudia jaribio la sekunde kwa saa 12 jioni na saa 1 usiku, zenye kaunta tatu: 10800 ÷ risiti za saa hiyo. Likikaribia tena 95, hata kaunta tatu zimejaa. Pima pia saa 11 jioni, kwa sababu hapo ndipo wa tatu anapumzika. Kama 58 zimepanda kupita 60, mapumziko yake yasogezwe yawe saa 10, na wa pili atakuwa amerudi kaunta tayari.